Miayo na Pumzi Ndefu: Jinsi Mwili Unavyofungua Vifuko vya Hewa Vilivyojikunja Mapafuni

Mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, hushusha pumzi takriban mara 12 kwa saa, yaani mara moja kila dakika tano hivi. Hufanya hivyo hata kama hana huzuni, hasira wala uchovu. Mara nyingi yeye mwenyewe hatambui, na aliye karibu naye pia hatambui, kwa sababu pumzi hiyo haina sauti. Watu wengi huhusisha kushusha pumzi na mawazo mengi moyoni, lakini zaidi ya hayo ni kazi ya ukarabati ambayo mapafu hayawezi kuishi bila yake. Somo hili linaeleza kazi hiyo, tofauti yake na miayo, na kwa nini mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji huhimizwa kuvuta pumzi ndefu ilhali ana maumivu.

Mambo mawili yanayofanana

Miayo na kushusha pumzi huonekana kama ndugu wawili. Yote mawili huanza kwa kuvuta hewa nyingi kuliko kawaida, na yote huja yenyewe bila mtu kupanga. Hata hivyo, yana tofauti kubwa.

Mtu anapopiga mwayo, taya hufunguka hadi mwisho, koo hupanuka, macho hufumba au hutokwa na machozi, na mara nyingi shingo na mabega hunyooka. Tendo lote huchukua kama sekunde sita. Ni vigumu kulikatiza likishaanza, na anayelitazama huenda akapiga mwayo pia.

Pumzi ndefu ya kushusha haihitaji mdomo kufunguka. Mtu huvuta pumzi ya kawaida, na kabla hajaitoa, huongeza nyingine juu yake. Matokeo ni pumzi moja yenye hewa mara mbili au zaidi ya ile ya kawaida. Kwa mtu mzima anayevuta nusu lita ya hewa kila pumzi, hii hufika lita moja au zaidi. Kisha hewa hiyo hutoka polepole, na kupumua hurudi kama kulivyokuwa.

Kwa nini watu hupiga miayo?

Maelezo yaliyozoeleka, ambayo hata baadhi ya walimu bado huyatoa darasani, ni kwamba mtu hupiga miayo kwa sababu mwili umepungukiwa na oksijeni au umejaa hewa chafu ya kabonidioksidi. Maelezo haya yalijaribiwa na hayakusimama. Mwaka 1987, mtafiti Robert Provine na wenzake nchini Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu hewa za aina tofauti. Wengine walivuta oksijeni tupu, na wengine hewa iliyoongezwa kabonidioksidi. Kama maelezo ya zamani yangekuwa kweli, oksijeni tupu ingepunguza miayo, na kabonidioksidi ingeiongeza. Kabonidioksidi iliwafanya wanafunzi wapumue kwa kasi zaidi, lakini idadi ya miayo haikubadilika. Hata mazoezi ya mwili yaliyoongeza kasi ya kupumua hayakuibadilisha.

Nadharia ya pili inasema kwamba miayo hupoza ubongo. Ubongo hutumia nguvu nyingi na hutoa joto. Taya linapofunguka, damu husukumwa kwa wingi zaidi kichwani na usoni, na hewa yenye ubaridi huvutwa ndani. Kama ni hivyo, miayo inapaswa kupungua hewa ya nje inapokuwa na joto sawa na la mwili, kwa kuwa kuivuta hakutapoza chochote. Mwaka 2011, Andrew Gallup na Omar Eldakar walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya katika mji wa Tucson, Arizona. Waliwaonyesha wapita njia picha za watu wanaopiga miayo, 80 wakati wa baridi na 80 wakati wa joto. Hewa ilipokuwa nyuzi 22 hivi, karibu nusu yao walipiga miayo. Ilipofika nyuzi 37, waliofanya hivyo walikuwa chini ya robo. Matokeo haya yanaunga mkono nadharia ya kupoza, ingawa wapo wanasayansi wanaosema ushahidi wake bado hautoshi.

Nadharia ya tatu inahusu kuamka na kubadilisha hali. Miayo huja zaidi mtu anapoamka, anapokaribia kulala, au anapofanya jambo lisilobadilika kwa muda mrefu, kama vile kuendesha gari kwenye barabara iliyonyooka. Huenda mwili unajaribu kujiamsha. Lakini wanasayansi walipopima mawimbi ya umeme ya ubongo kabla na baada ya mwayo, hawakuona ubongo ukichangamka zaidi baadaye. Kwa dereva, basi, miayo ya mfululizo ni dalili kwamba usingizi umekaribia. Mwayo wenyewe haumwamshi.

Je, huenda miayo ni njia ya kunyoosha mapafu? Wapo waliopendekeza hivyo pia. Ugumu uliopo ni kwamba mtoto aliye tumboni hupiga miayo tangu miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, na picha za mashine ya mawimbi ya sauti huonyesha hivyo. Wakati huo mapafu yake yamejaa majimaji, hayana hewa hata kidogo. Mwayo unaweza kusaidia mapafu ya mtu aliyekwisha kuzaliwa, kwa kuwa ni pumzi kubwa, lakini hiyo haiwezi kuwa sababu yake ya msingi. Kazi ya kutunza mapafu ina mwenyewe, naye ni pumzi ndefu ya kushusha.

Ndani ya mapafu

Ili kuelewa kazi hiyo, ni lazima kwanza kujua mapafu yalivyoundwa. Njia ya hewa hugawanyika mara nyingi kama matawi ya mti, na mwishoni mwa kila kijitawi kuna vifuko vidogo vya hewa. Vifuko hivi, ambavyo kitaalamu huitwa alveoli, ni kati ya milioni 300 na 500 kwa mtu mzima. Kila kimoja kina upana wa takriban sehemu ya tano ya milimita. Ukuta wake ni mwembamba sana, na nje yake hupita mishipa midogo ya damu. Hapo ndipo oksijeni huingia kwenye damu na kabonidioksidi hutoka.

Ndani ya kifuko kuna utando wa unyevu, na unyevu huo ndio chanzo cha tatizo. Maji hupenda kujivuta pamoja. Ndiyo sababu tone la maji huwa la duara. Utando unaozunguka kifuko kwa ndani hujivuta vivyo hivyo, na hivyo hukivuta kifuko kijikunje. Kadiri kifuko kinavyokuwa kidogo, ndivyo mvuto huo unavyokuwa mgumu kuushinda.

Mwili una dawa yake. Chembe fulani katika ukuta wa vifuko hutengeneza mchanganyiko wa mafuta na protini unaoitwa sarfaktanti. Mchanganyiko huu husambaa juu ya unyevu na kupunguza mvuto wake, karibu kama sabuni inavyofanya kwenye maji ya kufulia. Mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua walikuwa na upungufu wa sarfaktanti. Vifuko vyao vilijikunja kila walipotoa pumzi.

Hata kwa mtu mzima mwenye sarfaktanti ya kutosha, vifuko vichache hujikunja hapa na pale wakati wa kupumua kwa kawaida. Hutokea zaidi sehemu za chini za mapafu, ambako uzito wa pafu lenyewe hukandamiza, na hasa mtu akilala chali.

Jinsi pumzi ndefu inavyofungua kifuko

Kifuko kilichojikunja ni kama mfuko mwepesi wa plastiki uliolowa, ambao kuta zake zimegandana. Aliyewahi kujaribu kuufungua anajua kwamba kazi kubwa ni kuzitenganisha kuta mara ya kwanza. Ukishaachana, kuujaza hewa si kazi. Vifuko vya mapafu hufuata kanuni hiyo hiyo: nguvu inayohitajika kukifungua kifuko kilichogandana ni kubwa kuliko ile inayohitajika kukiweka wazi kikishafunguka.

Kwa sababu hiyo, pumzi za kawaida haziwezi kurekebisha kosa. Hewa hufuata njia rahisi. Mtu akivuta nusu lita, hewa huingia kwenye vifuko vilivyo wazi na kuviacha vilivyofungwa. Anaweza kuvuta pumzi hizo mia moja, na kifuko kilichogandana kitabaki kama kilivyo.

Pumzi ndefu huleta mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, huongeza nguvu ya kuvuta kifua hadi kupita kile kiwango cha kutenganisha kuta. Pili, vifuko jirani vinapotanuka huvuta ukuta wa kile kilichofungwa, kwa kuwa vifuko hushikana na kushiriki kuta. Tatu, kutanuka huko huzichochea chembe za ukutani zimwage sarfaktanti mpya, na hiyo husaidia kifuko kibaki wazi pumzi zinazofuata zinapokuwa ndogo tena. Baada ya dakika chache vifuko vingine huanza kujikunja, na pumzi ndefu nyingine hufika.

Amri inatoka wapi?

Mtu hapangi kazi hii. Amri hutoka kwenye shina la ubongo, nyuma ya shingo kwa juu. Mwaka 2016, vikundi vya watafiti vilivyoongozwa na Jack Feldman wa Chuo Kikuu cha Kalifonia mjini Los Angeles na Mark Krasnow wa Chuo Kikuu cha Stanford vilieleza njia hiyo kwa kutumia panya. Walikuta kundi dogo la chembe za neva zinazotoa kemikali mbili, na kundi jingine la chembe chache linalopokea kemikali hizo katika sehemu inayoendesha mwendo wa kupumua. Walipozizuia kemikali zote mbili zisipokelewe, panya waliendelea kupumua kawaida lakini waliacha kushusha pumzi.

Jambo hili lina maana kwa mgonjwa. Kupumua na kushusha pumzi vinaweza kutenganishwa. Mtu anaweza kuonekana anapumua vizuri, kifua kikipanda na kushuka, ilhali pumzi ndefu zimekoma. Dawa za usingizi wa upasuaji na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zinaweza kuleta hali hiyo.

Funzo kutoka chumba cha upasuaji

Mwaka 1963, madaktari Bendixen, Hedley-Whyte na Laver wa Boston, Marekani, walichapisha uchunguzi kuhusu wagonjwa waliokuwa wamelazwa usingizi wa upasuaji na kupumuliwa kwa mashine. Mashine iliwapa pumzi zilizolingana, moja baada ya nyingine, bila pumzi ndefu hata moja. Oksijeni kwenye damu yao ilipungua polepole ingawa hewa iliyoingia haikupungua. Walipopewa pumzi chache kubwa zilizoshikiliwa kwa sekunde kadhaa, oksijeni ilipanda tena. Madaktari hao waliona kwamba vifuko vilikuwa vikijikunja kidogo kidogo kwa kukosa kunyooshwa.

Baadaye, katika miaka ya 1990, watafiti wa Uswidi waliwapiga wagonjwa waliolala usingizi picha za kompyuta za kifua ili kuona ni nguvu kiasi gani inayofungua sehemu zilizokwisha kujikunja. Pumzi iliyo mara mbili tu ya ile ya kawaida haikufungua karibu chochote. Ilihitajika kulijaza pafu karibu hadi mwisho na kushikilia kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo pumzi ndefu ya kawaida hufanya kazi vizuri inapokuja mapema, vifuko vikiwa vichache. Eneo kubwa likishajikunja, kulifungua ni kazi ngumu zaidi.

Mfano: siku ya pili baada ya upasuaji wa tumbo

Chukua mfano wa mgonjwa aliyepasuliwa tumbo. Siku ya pili amelala chali. Kila akijaribu kuvuta pumzi ndefu, kidonda kinauma, kwa hiyo anavuta pumzi fupi za haraka. Dawa ya maumivu imempa usingizi. Hakohoi, kwa kuwa kukohoa kunauma zaidi. Mambo haya yote huondoa pumzi ndefu, na sehemu za chini za mapafu huanza kujikunja. Madaktari huita hali hii atelektasisi.

Damu inayopita kwenye vifuko vilivyofungwa hurudi bila kupata oksijeni. Tuseme moja ya tano ya damu hupita huko. Sehemu nne za tano zilizobaki hupata oksijeni na kufika asilimia 98. Ile moja ya tano hubaki kama ilivyokuja, asilimia 75 hivi. Zikichanganyika, asilimia 80 ya 98 ni 78, na asilimia 20 ya 75 ni 15. Jumla ni 93. Hicho ndicho kipimo kinachobanwa kwenye kidole kitaonyesha, ilhali jana kilionyesha 98.

Familia huuliza kwa nini asiongezewe oksijeni tu. Oksijeni husaidia, na mhudumu ataitoa inapohitajika. Lakini damu iliyopita kwenye vifuko vilivyo wazi ilikuwa tayari imejaa karibu yote. Hata ikifika asilimia 100, hesabu hupanda kutoka 93 hadi 95 tu. Oksijeni haifiki kwenye vifuko vilivyofungwa. Lazima vifunguliwe. Vikiachwa, makohozi hukwama humo, na nimonia hupata mahali pa kuanzia.

Yale muuguzi anayomwomba mgonjwa afanye

Maelekezo ya wodini yanaiga kile ambacho mwili ungefanya wenyewe:

1. Mgonjwa aketi, au ainuliwe upande wa kichwani, ili tumbo lisikandamize mapafu.
2. Aeleze maumivu mapema na apewe dawa. Anayeumia hawezi kuvuta pumzi ndefu.
3. Avute hewa polepole kupitia puani hadi kifua kijae, ashikilie kwa sekunde tatu hivi, kisha aitoe polepole. Kushikilia ni muhimu, kwa kuwa vifuko vilivyogandana huchelewa kufunguka.
4. Arudie kama mara kumi kila saa akiwa macho, akipumzika katikati akihisi kizunguzungu.
5. Akitaka kukohoa, akumbatie mto au shuka lililokunjwa juu ya kidonda ili maumivu yapungue.
6. Asimame na kutembea mara tu muuguzi au daktari anaporuhusu. Mazoezi ya pumzi hayachukui nafasi ya kutembea.

Anayemtunza mgonjwa anaweza kusaidia kwa kumkumbusha kila saa na kumsaidia kuketi. Mhudumu anaweza kuona kama zoezi linafanya kazi: kasi ya kupumua hushuka, namba kwenye kipimo cha kidole hupanda, na sauti ya hewa husikika tena chini ya mapafu kwa kifaa cha kusikilizia.

Mipaka ya pumzi ndefu

Pumzi ndefu hufungua kifuko kilichogandana kwa kukosa kunyooshwa. Haifungui njia ya hewa iliyozibwa na makohozi mazito, uvimbe au kitu kilichomezwa vibaya. Haitibu nimonia wala kifua kikuu. Hewa au maji yakiwa yamejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, mgonjwa anahitaji daktari haraka, wala si mazoezi.

Kuzidisha pia kuna madhara. Mtu anayeshusha pumzi kila mara, hasa akiwa na wasiwasi, hutoa kabonidioksidi nyingi kupita kiasi. Huhisi kizunguzungu, ganzi midomoni na vidoleni, na huhisi kana kwamba hewa haitoshi, jambo linalomfanya avute tena. Hali hii ikijirudia, apimwe kwanza kituoni ili magonjwa ya moyo na mapafu yaondolewe kwenye orodha.

Miayo isiyokoma mchana kutwa nayo isipuuzwe. Inaweza kutokana na usingizi mbovu, hasa kwa anayekoroma na kukatika pumzi usiku, au na baadhi ya dawa. Ikija ghafla pamoja na jasho baridi na kizunguzungu, mtu alazwe chini, kwani huenda anakaribia kuzimia.

Mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani baada ya upasuaji arudishwe hospitalini bila kungoja siku ya kliniki akipata homa, akipumua kwa kasi akiwa ametulia, akitoa makohozi ya njano au yenye damu, akiumwa kifuani anapovuta pumzi, au midomo yake ikibadilika kuwa ya buluu au kijivu.